Mkutano wa saa kumi, kumbe saa nne

Jamani hii ya mjumbe kutangaza saa imenichosha. Mwenyekiti alisema wazi mkutano ni saa nne asubuhi, karani akaandika kwenye kikaratasi 10:00, basi mjumbe wetu kapita nyumba kwa nyumba anasoma hiyohiyo kumi kama ilivyo, "mkutano saa kumi!" Asubuhi hakuitaja, maana hata kwenye karatasi haikuwepo. Jirani yangu akaongezea jioni kwa akili yake, na bibi wa nyumba ya mwisho akaambiwa saa kumi tu, akaamka alfajiri na tochi yake akaenda kukaa chini ya mwembe peke yake mpaka jua likatoka (sijui nicheke au nilie).

Mi nimefika saa kumi jioni, nimeoga, nakuta vijana wanarudisha mabenchi, mambo yameshapitishwa na jina langu liko kwenye faini ya wasiohudhuria. Namuuliza mjumbe ananionyesha karatasi, "si hii kumi ndugu yangu, soma mwenyewe." Na kweli ni kumi. Karani naye, ulishindwa nini kuandika "saa nne asubuhi" kwa maneno?