Hati ya ardhi na makubaliano yaliyosajiliwa: kipi kinamlinda mnunuzi?

"Nimeonyeshwa viwanja viwili Wakiso, Uganda. Kimoja kina hati ya mailo, kingine ni kibanja chenye makubaliano yaliyogongwa muhuri wa LC, baraza la kijiji, na kusajiliwa URSB. Vyote vimesajiliwa, na cha kibanja ni nafuu sana. Kwa nini wakili wangu anasema usajili wa hicho cha pili haunilindi?"

Wakili wako yuko sahihi, ingawa jibu lake lina upande wa pili ambao wanunuzi wengi hawaambiwi.

Mailo ni umiliki wa kudumu wenye hati; kibanja ni haki ya mkaaji kwenye ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine. URSB na ofisi ya ardhi hazisajili kitu kimoja. URSB, idara ya serikali ya usajili, inasajili nyaraka. Ukipeleka makubaliano yako pale, daftari litathibitisha kwamba karatasi hii ipo na ililetwa tarehe fulani. Halisemi kwamba aliyeuza alikuwa na cha kuuza. Kusajili waraka hakuponyi kasoro iliyokuwamo: kama saini ni ya kughushi, imebaki ya kughushi, ila sasa ina namba na tarehe. Tena daftari hilo halikupangwa kwa vipande vya ardhi. Mtu akiuza kibanja kilekile mara mbili, makubaliano yote mawili yanaweza kusajiliwa bila karani yeyote kugundua kwamba yanagusa ardhi moja.

Ofisi ya ardhi inasajili umiliki wenyewe. Sheria ya Usajili wa Hati za Ardhi ilianza kutumika Uganda mwaka 1924, ikifuata utaratibu ulioanzishwa na Robert Torrens huko Australia Kusini mwaka 1858. Kila kipande kina ukurasa wake, kwa namba ya bloku na ploti, na jina lililoandikwa hapo ndilo la mmiliki. Mnunuzi anapoandikishwa, haki yake inatokana na kule kuandikishwa. Hapokei tu kile alichokuwa nacho muuzaji, chenye kasoro zake zote za nyuma. Hapa ndipo usalama wa mnunuzi unapobadilika, na mfano mmoja utaonyesha kwa kiasi gani.

Tuseme mzee mwenye hati ya mailo amefariki. Mpwa wake anaghushi fomu ya uhamisho, anajiandikisha kama mmiliki, kisha anakuuzia wewe. Umelipa bei halali, hukujua lolote, na jina lako limeingia kwenye daftari. Baadaye watoto wa marehemu wanakwenda mahakamani.

Chini ya usajili wa nyaraka, jibu ni fupi. Mpwa hakuwa na ardhi, kwa hiyo hakukupa ardhi. Makubaliano yako yanaweza kuwa safi, yamesajiliwa na yamelipiwa ushuru wa stempu, na bado huna kitu. Watoto wanabaki na ardhi yao, wewe unamfukuzia mpwa fedha zako.

Chini ya usajili wa umiliki mambo yanageuka. Dhidi ya mpwa, watoto watashinda, kwa kuwa udanganyifu ni moja ya mambo machache yanayovunja hati. Lakini dhidi yako, kama kweli ulinunua kwa nia njema na ukalipa thamani, sheria inakulinda hata kama aliyekuuzia aliipata hati kwa udanganyifu. Mahakama ya Juu iliweka msimamo huo wazi katika kesi ya Kampala Bottlers dhidi ya Damanico, rufaa ya madai namba 22 ya mwaka 1992: udanganyifu lazima umguse yule aliyehamishiwa ardhi, ama aliufanya mwenyewe, ama alijua unafanyika akaufaidi. Tena uthibitishwe kwa kiwango kizito kuliko kile cha kesi za kawaida za madai. Watoto wanabaki na haki ya kumdai mpwa fidia. Ardhi imekwenda.

Kosa ni lilelile, waliohusika ni walewale, ila hasara imehama. Naliona hili ndilo la kupimwa kwanza na yeyote anayesema mfumo mmoja ni bora kuliko mwingine. Usajili wa umiliki haukuumba usalama kutoka hewani, umemchukulia mmiliki wa zamani sehemu ya usalama wake ukampa mnunuzi. Wanaoutetea wana hoja nzito: bila hivyo kila mnunuzi angelazimika kuchimba historia ya ardhi muuzaji kwa muuzaji, na uhamisho mmoja mbovu wa miaka 40 iliyopita ungeweza kumwangusha mtu asiyehusika. Benki nayo isingekubali kirahisi kupokea ardhi hiyo kama rehani. Lakini yatima anayeishi Gulu, ambaye hajawahi kuingia ofisi ya ardhi wala kuweka zuio la kusimamisha uhamisho kwenye hati ya baba yake, ndiye anayelipa gharama ya urahisi huo. Mimi bado nauunga mkono mfumo huu, kwa sharti kwamba maneno "nia njema" yasomwe kwa ukali.

Hapo ndipo wanunuzi wengi wenye hati wanapopotea. Wanapekua daftari, wanalikuta safi, wanalipa. Rudi kwenye mfano wetu, uongeze jambo moja: mjane wa mzee anaishi kwenye ardhi ile, ana nyumba, migomba na kaburi la mumewe nyuma ya jiko. Wewe ulipelekwa na dalali, ukatazama mawe ya mipaka ukiwa barabarani, hukumuuliza mama yule yuko pale kwa haki gani. Mahakama za Uganda hazimhesabu mnunuzi wa namna hiyo kuwa na nia njema. Aliyeona watu kwenye ardhi akaacha kuuliza anachukuliwa kama aliyejua kile ambacho angeambiwa.

Kuna shimo kubwa zaidi ya hilo, nalo ni la Uganda hasa. Kwenye mailo, mwenye hati na mwenye kibanja wana haki juu ya ardhi ileile. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamtambua, miongoni mwa wengine, mtu aliyeikalia au kuiendeleza ardhi kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 bila kupingwa na mwenye hati. Jina lake halihitaji kuwa kwenye daftari. Marekebisho ya 2010 yakaongeza kwamba hata hati ikibadilisha mikono, haki halali ya mkaaji huyo haiguswi na mmiliki mpya lazima aiheshimu, na kwamba kumwondoa kunahitaji amri ya mahakama kwa sababu ya kutolipa busuulu tu, yaani kodi ndogo ya mwaka anayomlipa mwenye hati. Kwa hiyo unaweza kununua ekari mbili zenye hati isiyo na doa, ukaishia kuwa mpokea busuulu wa familia tano. Hati yako ni ya kweli kabisa, ila huna pa kujenga.

Sasa upande wa kibanja. Makubaliano ya LC yana nguvu ambayo mawakili wa mjini huidharau. Yanasainiwa mbele ya mwenyekiti na majirani wanaomjua muuzaji, wanaojua mkewe ni nani, na wanaojua kama kaka yake anadai nusu ya shamba. Mpwa wa mfano wetu angeweza kuhangaika na fomu ofisini bila mtu wa kijijini kumwona. Kuuza kibanja mbele ya watu walewale waliomzika mzee ni kazi ngumu zaidi. Na udanganyifu ukitokea, mwenye mali hapotezi ardhi yake kwa sababu tu mtu wa tatu ameilipia.

Udhaifu wake ni kwamba ulinzi huo unakaa kwenye kumbukumbu za watu, na watu huhama, hufa, au hulipwa wanyamaze. Halafu kuna ridhaa. Kibanja kwenye mailo hakihamishwi kihalali bila ridhaa ya mwenye hati, ambaye katika Buganda hupewa kanzu, malipo ya kumtambulisha mnunuzi. Nimesoma makubaliano mengi yenye mihuri mitatu na mashahidi wanane, lakini bila mstari hata mmoja kutoka kwa mwenye ardhi. Mnunuzi wa namna hiyo akigombana na mwenye hati, URSB haimsaidii kitu.

Kwa hiyo viwanja vyako viwili vinapimwa kwa namna tofauti. Kwa chenye hati, usiiamini karatasi iliyo mkononi mwa muuzaji, kwa kuwa hiyo ni nakala na ukweli uko kwenye daftari. Fanya upekuzi kwa namba ya bloku na ploti, uone jina la mmiliki, ukubwa wa eneo, rehani, zuio na amri za mahakama. Kisha angalia tarehe ambayo muuzaji aliandikishwa. Akiwa amepata hati miezi michache iliyopita, tena kutoka kwa marehemu, omba nakala ya waraka ule wa uhamisho kwa namba yake, na barua za usimamizi wa mirathi zilizotolewa na mahakama. Mwombe mpimaji afungue mipaka: hati mbili zikiangukia ardhi moja, iliyosajiliwa kwanza kwa kawaida ndiyo inayoshinda. Uliza kila anayeishi pale, bila dalali kusimama pembeni, na uandike majibu. Kama familia ya muuzaji inaishi hapo, pata ridhaa ya mwenzi wake kwa maandishi, maana bila hiyo mauzo ni batili.

Kumbuka pia kwamba ulinzi wa mnunuzi wa nia njema unakuja jina lako linapoingia kwenye daftari. Siku ya kulipa bado huna ulinzi huo. Kati ya malipo na usajili kuna uthamini wa serikali, ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 na foleni, na katikati ya wiki hizo muuzaji anaweza kumhamishia mtu mwingine. Weka zuio siku ileile mnaposaini.

Kwa kibanja, gharama ya URSB iweke mwisho. Anza na mwenye hati: pekua daftari la mailo ujue ni nani hasa, kwa kuwa wakaaji wengine wamekuwa wakimlipa busuulu mtu aliyekwisha kuuza. Mpate akusainie ridhaa, omba stakabadhi za busuulu za muuzaji, na umuulize muuzaji alikipataje kibanja na lini. Kama alikinunua mwaka 2015 bila ridhaa ya mwenye ardhi, anachokuuzia ni ugomvi wake. Nafuu unayoiona kwenye bei inaweza kuwa inalipia hilo, na kama mwenye hati anakataa kusaini, mimi nisingenunua hata kwa nusu ya bei hiyo.