Dakika ishirini kila usiku: usihesabu episodi, hesabu dakika

Mtu mwenye dakika ishirini tu kabla ya kulala akisikia tamthilia ina episodi nne, huona imemfaa. Hapo ndipo anapokosea. Adolescence ya mwaka 2025 ina episodi nne, lakini kila moja inakaribia saa nzima, na zote pamoja ni karibu saa nne. Kwa dakika ishirini ishirini, hizo ni siku kumi na mbili. Msimu wa kwanza wa State of the Union, wa mwaka 2019, una episodi kumi, nao unakwisha kwa siku tano, kwa sababu kila episodi ni dakika kama kumi: mume na mke wanakutana baa, wanateta, kisha wanakwenda kwa mshauri wa ndoa. Unatazama mbili, unazima.

Lakini urefu si kila kitu. Kuna na suala la pa kukatia. Adolescence ni nzuri, ila kwa mtazamaji huyu naiona chaguo baya kuliko yote, maana kila episodi imepigwa kwa kamera moja bila kukata hata mara moja. Hakuna mahali tukio linapofungwa ukapumzika. Ukisimama dakika ya ishirini unavunja presha iliyokuwa ikijengwa, na kesho yake unaanza ukiwa umepoa. Hiyo ningeiacha hadi Jumapili yenye nafasi. Chernobyl ya mwaka 2019 nayo ina episodi tano ndefu, lakini inahama: mara kwenye mtambo, mara hospitali, mara ofisini kwa wakubwa. Ikikaribia dakika ya kumi na nane, subiri ihame mahali, usimamishe hapo. Kesho rudisha nyuma dakika moja hivi ili uingie na kumbukumbu.

Zile za dakika ishirini na tano, mfano Fleabag yenye misimu miwili ya episodi sita sita, usizikate kabisa. Kichekesho chake mara nyingi hugeuka kuwa maumivu dakika za mwisho, na ukikata ishirini umeondoka kabla ya pigo. Afadhali uibe dakika tano za usingizi.

Kabla ya kuchagua, fungua orodha ya episodi usome dakika za kila moja, hasa ya mwisho, kwani mara nyingi ndiyo hurefushwa. Kisha ingia kwenye mipangilio ya akaunti uzime ile ya kucheza episodi inayofuata yenyewe. Episodi nyingi huishia kwenye kitendawili makusudi, na sekunde chache za kuhesabu kurudi nyuma hazikupi muda wa kutafuta rimoti. Ukiona tamthilia inakunasa hivyo kila mara, simama katikati ya episodi, kitendawili cha jana kikishateguliwa na kipya hakijafika.