Elfu kumi kwa siku si bei ya pikipiki

Ukiwauliza madereva wa bodaboda pikipiki ya mkataba, ile unayoilipia kila siku mpaka iwe yako, inauzwaje, wengi watakutajia hesabu ya siku: elfu kumi, elfu kumi na mbili, basi. Ndivyo wauzaji wanavyoitangaza na ndivyo wanunuzi wanavyosimuliana. Sina ugomvi na mkataba wenyewe. Kwa mtu asiye na fedha za mkupuo wala kitu cha kuweka dhamana, mara nyingi huo ndio mlango pekee ulio wazi. Ugomvi wangu ni na hesabu ya siku kuachwa isimame mahali pa bei. Inakwambia kama utaweza kulipa leo, lakini haisemi unanunua kwa shilingi ngapi.

Tuchukue mkataba wa mfano. Namba nimezichagua ziwe nyepesi kukokotoa, wewe weka za kwako. Pikipiki dukani, ukilipa taslimu, ni shilingi 2,900,000 ikiwa imeshasajiliwa. Tajiri, yaani mwenye pikipiki anayekuuzia, anakupa kwa kianzio cha 400,000, kisha unaleta 10,000 kila siku kwa siku 450. Kuna 100,000 ya kifaa cha kuifuatilia pikipiki inapokwenda, na 80,000 ya kubadilisha jina kwenye kadi ukimaliza. Bima ya mwaka wa kwanza imo ndani ya mkataba.

Siku 450 mara 10,000 ni 4,500,000. Ongeza kianzio, inakuwa 4,900,000. Ongeza kifaa na kubadilisha jina, inafika 5,080,000. Hiyo ndiyo bei yako. Andika kwenye karatasi kabla ya kushika kalamu ya kusainia, kwa sababu hutaikuta imeandikwa kwa ukamilifu katika kila mkataba. Mara nyingi vipande vyake vimetawanyika: kianzio ukurasa wa kwanza, kifaa kwenye risiti ya pembeni, na gharama ya kubadilisha jina hutajwa siku ya mwisho.

Sasa ilinganishe na bei ya taslimu, na hapa watu huteleza upande wa pili. Utamsikia mtu akijumlisha mafuta, oili, taili na cheni, halafu anasema mkataba umemla milioni nane. Hapana. Mafuta ungeweka hata kama pikipiki ungeinunua kwa fedha zako mfukoni. Kinachoingia kwenye bei ya mkataba ni kile tu ambacho mnunuzi wa taslimu halipi. Kwa kanuni hiyohiyo, kama muuzaji amekulipia bima ambayo ungejilipia mwenyewe, mpe haki yake: tuseme bima hiyo ni 120,000, basi upande wa taslimu unapanda hadi 3,020,000. Tofauti ni 2,060,000. Hicho ndicho unacholipa kwa kupewa pikipiki leo na kuilipa taratibu.

Ni nyingi? Muuzaji atakwambia anabeba hatari ya pikipiki kuibwa, kugongwa, au dereva kutoweka nayo, na hadanganyi. Lakini sikiliza anavyoitaja riba yake, kama anaitaja. Ukitoa kianzio kwenye ile 3,020,000, deni lako ni 2,620,000, na utalipa 4,500,000, kwa hiyo nyongeza ni 1,880,000. Akiigawa kwa deni lote la mwanzo na kwa miezi 15, anapata kama asilimia 4.8 kwa mwezi. Kasoro ya hesabu hiyo ni kwamba hukai na deni lote kwa miezi 15. Kila siku unapunguza, na mwezi wa kumi na nne unadaiwa kidogo tu, ila riba inahesabiwa kana kwamba bado unadaiwa zote. Mwenye simu yenye Excel anaweza kupata riba halisi ya siku, ikiwa imeshazidishwa kwa 30 iwe ya mwezi, kwa mstari mmoja:

```
=RATE(450,-10000,2620000)*30
```

Jibu linakuja karibu asilimia 8 kwa mwezi, na hapo hata kile kifaa cha kufuatilia sijakiingiza. Kama huna Excel usihangaike, kuna njia nyingine inayoeleweka hata ukiwa umekaa juu ya pikipiki. Gawa deni kwa hesabu ya siku: 2,620,000 kwa 10,000 ni 262. Yaani siku ya 262, pamoja na kianzio, umeshatoa fedha sawasawa na bei ya taslimu. Siku 188 zinazobaki ni malipo ya kusubiriwa. Mimi napenda namba hii kuliko asilimia, maana dereva anaijua siku. Anajua inavyoanza saa kumi na moja alfajiri na inavyoisha.

Namba hiyo pia inaonyesha hatari iko wapi. Siku ya 300 utakuwa umetoa 3,400,000, zaidi ya bei ya dukani, na kadi bado ina jina la tajiri. Akiichukua pikipiki siku hiyo kwa sababu umechelewesha wiki mbili, kwenye mikataba mingi hakuna kinachorudi. Uliza kabla, na jibu liwe kwenye maandishi: baada ya siku ngapi za kuchelewa anaichukua, una siku ngapi za kuikomboa, na ikiuzwa kwa zaidi ya deni lililobaki, ziada ni ya nani.

Tuje kwenye neno dogo lenye fedha nyingi, "kila siku". Kuna mkataba wa siku saba kwa wiki na kuna wa siku sita, na kwa mdomo yote huitwa ya kila siku. Ndani ya siku 450 kuna Jumapili zisizopungua 64. Kwa elfu kumi kila moja, hizo ni 640,000. Kwa hiyo usikubali kuhesabiwa kwa miezi. Uliza malipo ni mangapi kwa idadi, kisha zidisha mwenyewe.

Na hata idadi ikijulikana, wewe hufanyi kazi kila siku. Kuna mvua ya kutwa, kuna msiba, kuna homa, kuna siku pikipiki iko kwa fundi inafunguliwa injini. Tuseme unatoka kwenda kazini siku 25 kwa mwezi wa siku 30. Tajiri anadai 300,000 kwa mwezi huo, kwa hiyo kila siku unayotoka lazima ipatikane 12,000. Hesabu yako ya kweli ni hiyo, elfu kumi na mbili, na ndiyo unayopaswa kuipima na kinachobaki baada ya mafuta. Anayepima na elfu kumi hujiona yuko sawa kwa wiki tatu, halafu anashangaa mwisho wa mwezi elfu hamsini imepotelea wapi.

Faini ya kuchelewa ndiyo inayoharibu kila hesabu, na inafaa kuitazama kwa karibu. Tuseme faini ni 2,000 kwa kila siku ambayo akaunti yako iko nyuma, na mkataba unasema malipo yakiingia yanalipa faini kwanza. Umekosa siku moja tu. Kesho yake unarudi kama kawaida, unatuma elfu kumi, moyo mweupe. Mfumo unakata 2,000 ya faini, inabaki 8,000 kwenye hesabu ya leo. Tayari leo nayo imepungua, na jana bado haijalipwa. Kesho hivyohivyo. Ukituma elfu kumi kila siku bila kukosa kwa siku 30, deni la nyuma lililokuwa 10,000 litakuwa 70,000, na wewe unaapa kwamba ulikosa siku moja tu. Na ni kweli.

Utajuaje kama umeingia kwenye mtego huo? Usiangalie ujumbe wa kuthibitisha malipo, huo unasema tu fedha zimepokelewa. Omba salio la deni, uliandike, kisha uombe tena baada ya malipo kumi. Kama umelipa 100,000 na salio limeshuka kwa 80,000, kuna kitu kinakula katikati. Dawa ni kulipa nyuma yote kwa mara moja, hata kwa kukopa kwa rafiki, kuliko kuendelea kutuma elfu kumi ukidhani unasogea. Mikataba ya kiungwana haifanyi hivi, siku uliyokosa inasogezwa mwisho na mkataba unarefuka kwa siku hiyo. Kama ningekuwa nachagua kati ya mikataba miwili, ningekubali hesabu iliyo juu kidogo ili nipate kipengele hicho.

Kuna ulinganisho mmoja ambao sisikii ukifanywa, nao si wa taslimu. Mtu anayeingia mkataba kwa kawaida hana milioni tatu, kwa hiyo kumwambia taslimu ni nafuu ni kumchosha. Njia yake nyingine halisi ni kuendesha pikipiki ya mtu kwa hesabu ya kawaida, bila kuimiliki. Tuseme hesabu hiyo ni 7,000, na matengenezo makubwa ni ya mwenye pikipiki. Kwa siku 450 utatoa 3,150,000. Kwenye mkataba utatoa 5,080,000, na injini ikifa ni juu yako. Tofauti ni 1,930,000, na unachopata ni pikipiki iliyokimbia barabarani miezi 15 mfululizo. Itauzwa ngapi siku hiyo? Usikadirie kwa moyo. Nenda uone wanaouza za aina hiyohiyo, zenye umri huohuo na zilizofanya kazi ya bodaboda, uulize bei wanayouzia kweli, kisha punguza ulichotumia kwenye injini.

Ikiwa zinauzwa milioni moja na laki tatu, mkataba umekugharimu zaidi ya laki sita juu ya kukodi, kabla ya fundi. Watakaoniambia kwamba anayekodi haweki ile elfu tatu ya tofauti, anaila, nawaelewa, na wengi ndivyo wanavyofanya. Mkataba unamlazimisha mtu kuweka akiba. Sawa, lakini sasa unajua akiba hiyo inatozwa kiasi gani, na unaweza kuamua kama unahitaji kulazimishwa kwa bei hiyo, au kikundi chenu cha kijiweni kinaweza kukubana kwa bei ndogo zaidi.

Ukiamua kuingia, uliza jambo moja zaidi: nikipata fedha katikati nikamaliza mapema, napunguziwa? Kama jibu ni kwamba utalipa siku zote zilizobaki kama zilivyo, basi kumaliza mapema hakukupunguzii kitu zaidi ya kupata kadi haraka, na laki chache zikiingia ghafla ni afadhali uziweke kwa ajili ya siku za fundi.