Sawa ya Mhasibu

Bosi ananirushia uzi wa imeili wenye majibu ishirini, juu kaandika: "Naomba muhtasari kabla ya saa nane. Nini kimeamuliwa, nini bado, nani anafanya nini." Utadhani ameagiza chai ya rangi.

Habari yenyewe ni semina ya wafanyakazi Bagamoyo. Mmoja wao yuko likizo, na kila akiguswa mashine yake inajibu kwamba hayupo ofisini. Hayo nimeyatupa kwanza, pamoja na "Asanteni" na "Poleni na majukumu".

Nikaanza chini, kwenye imeili ya kwanza. Ukianza juu unakuta majibu, maswali huyajui. Ukiishia katikati unaondoka na tarehe 12, iliyopitishwa jibu la nne, kumbe la kumi na moja mkurugenzi kashasogeza mpaka Ijumaa ya tarehe 19.

Sasa, jibu la kumi na tano. Dada wa utawala kaomba milioni mbili na nusu za ukumbi. Baada yake mhasibu kaandika neno moja: "Sawa." Ofisi nzima ikashangilia, ukumbi umepita! Mimi nikabonyeza zile nukta tatu zinazoficha maandishi ya zamani. Mzee alikuwa anajibu imeili ya tisa. Ya basi. Laki nane.

Nikamfuata, shati nimechomekea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Samahani mzee, ile sawa yako ni ya basi au ya ukumbi?"

Akavua miwani. "Kwani uliandikiwa wewe?"

"Hapana mzee, ila nimeambiwa niandike muhtasari."

"Ukumbi sijaletewa profoma tatu. Nitapitishaje?"

"Kwa hiyo ni ya basi."

"Si nimesema sawa?"

Nikamwomba, kwa heshima zote, aandike hivyo hivyo watu wote waone. Akaandika palepale. Jibu la ishirini na moja: "Sawa." Na kajibu kwenye imeili ya chakula! Sasa na pilau imepita, na bei yake hakuna aliyeitaja.

Basi nimeandika: tarehe 19 imeamuliwa, basi limeamuliwa. Ukumbi bado, chakula bado, msisherehekee. Profoma alete nani? Mtu wa manunuzi kasema "tutafuatilia". Tutafuatilia nani, na mpaka lini? Nimeacha nafasi ya jina wazi, bosi ajaze mwenyewe. Na yule dada wa utawala, tangu jibu la kumi na saba mtu kamwondoa kwenye nakala, kwa hiyo anayesubiriwa kujibu hajui kama kaulizwa. Nimemrudisha.

Halafu hilo basi. Eti linaondoka Ijumaa saa kumi na moja jioni, lipite Mwenge, lipite Tegeta! Nani alipitisha hiyo? Nimepekua uzi mzima, ilitajwa mara moja tu, hakuna aliyekubali wala aliyekataa. Wao wapande. Mimi nachukua bodaboda mpaka Bunju, nitawasubiri huko nakula mihogo, na nauli namdai mhasibu. Kwa maandishi.