Daftari la wakala halimwandiki aliyeambiwa "hamna"

Niliwahi kufanya kazi na wakala mkuu mmoja wa pesa za simu hapa Dar es Salaam. Ukutani ofisini kwake palikuwa na karatasi yenye taswira ya mteja: Juma, miaka 26, ana simu janja, kila mwisho wa mwezi anawatumia wazazi pesa kijijini. Juma alitungwa kikaoni kwa mchana mmoja, na kwa ajili yake vibanda vyote vilikuwa vinajaziwa floti, yaani salio la simu ambalo wakala hutumia mteja anapoweka pesa, tarehe za mishahara.

Tulipoamua kuwahoji watu wenyewe, kosa letu la kwanza lilikuwa kuwahojia pale pale kibandani. Mbele ya wakala wake, kila mteja alisema huduma ni nzuri. Nani atamlalamikia mtu anayemkopesha vocha? Tukahamia vituo vya daladala na sokoni, na tukaacha kuuliza "ungependa nini?" Swali likawa moja: mara ya mwisho ulipokwenda kwa wakala ilikuwaje, tangu ulipotoka nyumbani? Kisha tulimwomba mtu afungue meseji zake za miamala na atusomee mwenyewe saa na aina ya muamala, bila kutuonyesha salio. Kumbukumbu inapindisha mambo. Meseji haipindishi.

Mahojiano yaliyonibadilisha ni ya mama mmoja mkaanga samaki wa Mbagala, anayenunua mnadani Feri. Alisema yeye hutumia wakala "mara moja moja tu." Meseji zake zikaonyesha kuweka na kutoa karibu kila siku. Jioni anaweka mauzo, maana chumba anachopanga hakina usalama, na pesa ikilala ndani ndugu wataiomba. Alfajiri anaitoa Feri kabla ya mnada. Kuweka ni bure, kutoa anakatwa, na anakubali kukatwa kila asubuhi ili pesa ilale salama na asisafiri nayo gizani. Nikamuuliza mara ya mwisho alipokosa. "Juzi, mwanangu. Wakala wa kwanza hana keshi, wa pili hana, wa tatu kafunga. Nikifika mnadani samaki wazuri wameshakwenda."

Tukatafuta wengine wa aina yake, na kufikia mtu wa nane hadithi ilikuwa inajirudia: jioni kule mtaani wanakosa floti, alfajiri Feri wanakosa keshi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini vikao havikuwahi kumwona mama huyu. Daftari la wakala huandika muamala uliofanyika. Aliyeambiwa "hamna keshi" hageuki namba popote, kwa hiyo ukipanga kwa kuangalia ripoti utaendelea kuwahudumia wale wale uliokwisha kuwahudumia.

Ripoti inadanganya kwa njia nyingine pia. Kuna watu wanaoomba pesa iwekwe moja kwa moja kwenye namba ya mtu wa mbali ili wakwepe ada ya kutuma, jambo ambalo taratibu za mitandao hazilitaki lakini linafanyika. Kwenye ripoti unaona mwenye namba ameweka pesa, wala huoni aliyesimama dirishani. Ni mahojiano tu yaliyotuambia hivyo.

Taswira mpya haikuwa na picha wala umri. Iliandika saa anayohitaji keshi, saa anayohitaji floti, kiasi cha kawaida, anachokihofia, na anachofanya akikosa: hukopa kwa mwenzake au hununua kidogo. Kila mstari ulitakiwa kubadili uamuzi fulani. Usiobadili kitu tuliufuta. Kibanda cha Feri kikaanza siku na keshi nyingi. Kufikia saa 4 asubuhi wauzaji wa mnadani wanakuja kuweka, kibanda kinajaa keshi na floti inakauka, hivyo kijana wa floti akapangiwa kupita saa hiyo, si mchana kama zamani. Mbagala ikawa kinyume chake: floti iongezwe kabla ya saa 12 jioni.

Mahojiano hayakutuambia wakaanga samaki wako wangapi, na watu kumi na wanne tuliowahoji hawawezi kutuambia hilo. Kwa hilo tulirudi kwenye ripoti, tukahesabu miamala ya kutoa kabla ya saa 1 asubuhi, kibanda kwa kibanda. Lakini safari hii tulijua tunahesabu nini. Na kila wakala akaongezewa safu moja daftarini, ya kuweka alama tu: waliorudi bila kuhudumiwa, saa ngapi, walikosa keshi au floti. Wiki ya kwanza wengi waliiacha tupu, kwa hofu kwamba wataonekana wazembe. Ilibidi wakala mkuu azunguke mwenyewe vibandani kuwahakikishia kwamba alama zile ndizo zitakazowaletea floti mapema.