Mwaliko wa akika: kadi inatosha, au wazee waendewe?

"Tumejaliwa binti na tunataka kumfanyia akika. Mume wangu anasema kadi moja itumwe kwenye kundi la ukoo na la mtaa, basi. Baba mkubwa kusikia tu kwamba kadi inatengenezwa, kanuna. Tuandike nini kisichomkera mtu?"

Mumeo ana hoja. Kadi ya simu inafika Buguruni na Maskati kwa dakika moja, na hakuna shangazi atakayesema alisahauliwa. Wewe mwenyewe umo kwenye uzazi, huwezi kupanda daladala tatu kwenda kualika. Na ukweli ni kwamba wapo wazee ambao hata ungewaendea na sinia la halua wangepata la kulalamikia.

Lakini baba mkubwa hasemwi vizuri katika mabishano haya. Vijana wanadhani amenuna kwa kukosa heshima ya kubishiwa hodi, au kwamba simu imemshinda. Kwa ninavyowajua wazee wa Pwani, kadi si tatizo. Tatizo ni kwamba kadi inapomfikia, kila kitu kimeshaamuliwa: siku, kisomo, mchinjaji, na zaidi ya yote, jina. Kadi nyingi za siku hizi zina jina la mtoto kwa herufi kubwa za dhahabu. Mzee aliyetarajia kulitamka jina hilo mbele ya watu, akamwombea dua aliyepewa, analisoma kwenye simu pamoja na jirani aliyehamia mwezi jana. Hapo ameambiwa kama mgeni jambo alilotarajia kuulizwa kama mwenye nyumba. Wazazi wana haki ya kuchagua jina, na mzee mwenye busara halibishii. Anachotaka ni kulisikia kwanza, maana huenda ndilo jina la mama yake, au la mtu ambaye ukoo una sababu ya kutolirudia.

Kuna pia hesabu ya siku, ambayo wazee wanaijua na kadi haiijui. Akika ya sunna ni siku ya saba. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku, siku ya kuzaliwa inahesabiwa kama mtoto amezaliwa mchana. Akizaliwa usiku, hesabu inaanza siku inayofuata. Tuseme binti amezaliwa Alhamisi saa nane mchana: Alhamisi ni ya kwanza, ya saba ni Jumatano. Angezaliwa Alhamisi hiyo hiyo saa mbili usiku, huo ni usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa hiyo Ijumaa ndiyo ya kwanza na ya saba ni Alhamisi. Karatasi ya hospitali itaandika Alhamisi kwa wote wawili. Baba kijana ataangalia karatasi, ataandika Jumatano kwenye kadi, na mzee aliyekuwepo usiku ule atajua kwamba mmemchinjia mtoto siku ya sita.

Siyo kwamba siku ikipita akika imeharibika. Ya saba ikishindikana, wengi husogeza hadi ya kumi na nne au ya ishirini na moja, na nyumba nyingi husubiri arobaini ili mama naye atoke. Jumapili inayowafaa wafanyakazi si dhambi. Ila mzee akiulizwa mapema atakwambia: mpeni jina siku ya saba kwa dua ndogo ya nyumbani, shughuli ya watu ifanyeni Jumapili. Akiikuta Jumapili kwenye kadi bila maelezo, ataona sunna imepuuzwa.

Sasa mbuzi, maana hapa ndipo kadi inapoleta hasara ya wazi. Mtoto wa kike ni mbuzi mmoja, wa kiume wawili. Tuseme mbuzi wenu akishachunwa anatoa kilo kumi na mbili, nyama na mifupa. Toeni nne za masikini na za watu wasioweza kufika, zinabaki nane za sufuria. Ukipika pilau kwa nusu kilo ya nyama kwa kila kilo ya mchele, ambayo tayari ni kubana, una kilo kumi na sita za mchele. Kilo moja hula watu saba hivi. Hao ni watu mia na kidogo. Kundi la ukoo peke yake linaweza kuwa na mia mbili, na chini ya kadi pameandikwa "karibuni nyote". Sahani za mwisho zitatoka na wali wa rangi usio na kipande, na wanaokula mwisho ni kina mama waliopika na majirani waliokaa nje. Watu hao ndio watakaolisema jambo hilo mwaka mzima. Kuongeza nyama ya ng'ombe ya kununua kunaruhusiwa na hakuigusi akika, lakini lazima ujue idadi siku mbili kabla. Mtu anayepita nyumba kwa nyumba anarudi na idadi: huyu atakuja na watoto wanne, yule mgonjwa apelekewe chakula. Kwenye simu utapata "Mashallah" sabini na maua, hujui nani anakuja.

Mzee huyo huyo ndiye atakayemwambia mchinjaji aache shoka. Mifupa ya akika inapendekezwa isivunjwe, ikatwe kwenye maungo, na mpishi wa pilau asiyeambiwa ataitwanga yote vipande vidogo kama alivyozoea.

Kwa hiyo ningewashauri mwende kwa baba mkubwa kabla kadi haijachorwa, mumeo akitangulia kama wewe hujatoka. Maneno ni mafupi: "Shikamoo baba. Mungu ametujalia binti. Tumefikiria jina hili na siku hii, tumekuja kupata shauri lako, na tunaomba wewe ndiye umtaje mbele ya watu." Bibi wa pande zote mbili waendewe vivyo hivyo. Walio mbali wapigiwe simu, wasikie sauti.

Baada ya hapo kadi itumwe, bila jina la mtoto:

"Assalaam alaykum. Tunawaalika kwenye akika ya binti yetu, Jumapili, nyumbani kwetu. Kisomo cha maulidi saa tatu asubuhi, chakula saa sita mchana. Tafadhali tujulisheni idadi yenu kabla ya Ijumaa."

Saa ziandikwe kwa maneno. Ukiandika 10:00, kijana anasoma saa nne asubuhi, bibi anasoma saa kumi na anafika jioni sufuria zimeshaoshwa. Na kama maulidi hayatasomwa, andikeni "dua na chakula". Neno "shughuli" tupu linawaficha watu jambo wanalotaka kulijua: wapo wasiohudhuria maulidi kwa msimamo wao wa dini, na wapo wanaokuja kwa ajili ya kusimama kiamu mtoto apitishwe na kukatwa nywele. Ukitaja kisomo na chakula kwa saa tofauti, asiyetaka kisomo atakuja saa sita na hatakuwa amesusa.

Majirani wasio Waislamu waambiwe kwa mdomo, mlangoni, kwamba saa sita ndiyo yao na kwamba hawatakiwi kuleta kitu. Kwenye kadi msiandike habari ya zawadi hata kidogo, maana maneno "zawadi si lazima" mnayomwandikia jirani kwa huruma, shangazi aliyekwisha kununua doti ya kanga atayasoma kama amekataliwa.