Bajeti ya milioni sita, useme uliisimamia?

"Nimeitwa intavyuu Kisumu, ofisa wa mradi, pesa ni za dona. Nimekuwa fildi Ahero mwaka mmoja, bajeti ya milioni sita ilikuwa ya meneja, mimi nilikuwa nafanya mafunzo tu. Niseme niliisimamia?"

Wanaokuambia useme ndio wana hoja. Paneli hukaa na karatasi ya maksi na pale kwa bajeti wanaandika kile umesema, ukijibu "mimi nilikuwa fildi tu" umejinyima, na kumbe ulikuwa unaomba imprest, unalipa washiriki fea, unarudisha risiti. Hiyo ni kazi ya pesa.

Lakini nimewahi kukaa kwa paneli, kijana akasema alisimamia milioni nane, akaulizwa swali moja tu: kifungu gani kilizidi na ulifanya nini? Akaanza kutueleza vile timu yao ilishirikiana. Fildi aliijua vizuri sana, lakini kutoka hapo hata hiyo hatukumwamini, na iliniuma.

Mimi ningesema mradi ulikuwa wa milioni sita chini ya meneja, halafu niingie kwa kifungu changu. Tuseme ni 480,000 ya mafunzo 12, kila moja 40,000, watu 30, fea 300 kila mtu. Mafuta yakapanda ama barabara ikaharibika na mvua, fea ikawa 500. Hapo kila mafunzo yanakula 6,000 zaidi, kwa hivyo ukimaliza ya sita umetumia 276,000 badala ya 240,000, na ukiendelea hivyo mwisho wa mwaka utakuwa umezidi kwa 72,000, yaani 15%. Sasa waambie uliona lini, ulimwandikia nani, na mlikata nini ama mlihamisha kutoka wapi. Mikataba mingi ina kiwango cha kuhamisha bila kuuliza, mara nyingi 10%, ukipita hapo dona lazima aidhinishe kwa maandishi kabla hujatumia. Mtu akitaja hiyo "kabla" bila kuulizwa, paneli wanajua alikuwa hapo. Tumia hesabu zako lakini, hizi zangu ni za mfano.

Njia hii ina mpaka wake. Kama tangazo linataka mtu aliyeshika bajeti nzima miaka mitano, jibu la kifungu kimoja halitakufikisha, na hiyo posti si ya sasa.

Kwa ripoti usiseme tu uliandika za kila robo mwaka. Mafunzo 12 ya watu 30 ni sahihi 360 kwa daftari, lakini mama mmoja wa Ahero akihudhuria mara nne ni mtu mmoja, si wanne. Eleza ulivyowatenganisha, kwa namba ya simu ama kitambulisho, na kama mwanzoni uliripoti 360 halafu ukarekebisha, hiyo pia iseme.